Sahihi ya Mzazi

Mumbua alijifunza Kihispania jikoni, akimenya viazi. Alikuwa amekuja pwani kutoka Kitui mwaka 1979, na cheti chake cha kidato cha nne kwenye bahasha, akitafuta kazi ya ofisi. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kupika na kufua katika zahanati ndogo ya misheni, upande wa Jilore, iliyosimamiwa na sista mmoja wa Kihispania aitwaye Asunción. Watu walimwita Sista Asunsioni, na wazee waliochoka na jina hilo refu walimwita Sista tu.

Sista hakujua Kiingereza ila cha kuombea chumvi. Kiswahili chake kilikuwa cha maagizo: lala, fungua mdomo, rudi Jumatatu. Kwa hiyo jioni, alipochoka, alisema lugha ya kwao, na Mumbua akasikiliza. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akimjibu. Baada ya miaka mitatu alitolewa jikoni akapewa meza, taipureta na kiti chenye mto, akawa karani na mkalimani. Wagonjwa walimweleza maumivu yao, yeye akayavusha upande wa pili, kisha akarudi na jibu.

Alivuka kwa daraja la Kiingereza. Ndivyo alivyojifunza. Hospital ni hospital. Operación ni operation. Urgente, documento, importante: maneno yalikuja yamekwisha kuvaa nusu ya nguo zake, yeye akamalizia vifungo. Wakati mwingine alilala akiyasema kimoyomoyo, akafurahi kama mtu anayekutana na ndugu ugenini.

Lakini baadhi ya ndugu hao hawakuwa ndugu. Siku moja Sista aliamka sauti imekauka, akasema, "Estoy constipada." Mumbua alisikia neno la Kiingereza la mtu aliyefunga choo. Akaenda sokoni, akarudi na papai lililoiva na jagi la maji ya ukwaju, akamsimamia Sista mpaka amalize. Sista alikuwa na mafua tu. Mchana kutwa alikuwa mbio chooni, na puani bado kumeziba.

Siku nyingine alimwomba Mumbua amletee la carpeta, maana yake faili. Mumbua alisikia carpet ya Kiingereza, akabeba zulia la kanisani begani, akalitandika ofisini.

"Basi twende tukaswali," alisema Dorcas, muuguzi, akashika mbavu kwa kicheko.

Lililofuata halikumchekesha mtu. Mama mmoja alimleta binti yake anayetapika kila asubuhi. Sista alimpima, akasema, "Está embarazada." Mumbua akamwambia mama, "Usiwe na wasiwasi. Binti ana haya tu." Mama akarudi nyumbani ameridhika. Wiki ya tatu ilibidi Sista mwenyewe apande baiskeli kwenda kueleza kwamba binti ni mjamzito.

Jioni ile Sista alimketisha. Akamwambia kwamba Kihispania na Kiingereza zina maneno yanayofanana sura na kutofautiana roho, na kwao huitwa marafiki wa uongo. Mumbua akachukua daftari na kamusi ya Sista, akayaandika. Embarazada si mwenye haya, ni mjamzito. Actual si halisi, ni wa sasa. Asistir si kusaidia, ni kuhudhuria. Aliandika kumi na manne. Akayakariri mpaka hakuna hata moja lililoweza kumpita. Tangu hapo alitembea ametulia, kwani aliamini adui zake ni kumi na wanne na wote anawajua kwa majina.

*

Mwaka 1986 palikuwa na mtoto aitwaye Kache, wa miaka sita. Mama yake, Kadii, alifariki siku ya kumzaa. Baba yake, Katana, alikuwa mtu wa vibarua, leo huku kesho kule. Aliyemlea ni nyanya yake, Kadzo, mamake Katana. Ndiye aliyemnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko na kumbeba mgongoni miaka minne, kwa sababu Kache akitembea hatua hamsini alichuchumaa, midomo ikabadilika rangi.

Sista alisikiliza kifua chake akasema kuna mshipa karibu na moyo ambao kwa watoto wote hujifunga wenyewe baada ya kuzaliwa. Wa Kache haukujifunga. Damu inazunguka mara mbili palipotosha mara moja, na moyo unachoka. Kuufunga si kazi kubwa kwa anayejua.

Na waliojua walikuwa wanakuja. Mwezi Aprili madaktari wa Kihispania wangefika Mombasa kwa siku kumi, wapasue watoto katika hospitali moja iliyowapa nafasi. Sista aliandika barua nne mpaka jina la Kache likaingia kwenye orodha. Kisha yeye mwenyewe akatangulia Mombasa, kwa kuwa madaktari walihitaji mtu wa kuwashikia vyombo. Wakati wa kuondoka alimshika Mumbua mkono.

"Fomu itakuja na dereva. Ujaze, umlete mtoto Alhamisi kabla ya saa sita. Nakuachia wewe."

Fomu ilifika Jumatatu. Ukurasa mmoja, wote kwa Kihispania. Mumbua aliijaza jina, umri, uzito. Chini kabisa palikuwa na mistari miwili:

A falta de los padres, firmará un pariente mayor de edad. Sin esta firma no se admitirá al niño.

Kamusi ya Sista ilikuwa pale kabatini, hatua tatu kutoka mezani. Hakuinuka. Mtu huinuka kwa neno asilolijua, na hapa alijua yote. Pariente, kwa masikio ya mtu aliyesoma Kiingereza, ni parent, mzazi. Na los padres nani asiyewajua? Pwani nzima humwita padri kwa neno hilo hilo tangu Wareno waliache hapa, na Sista mwenyewe, akisema los padres, alikuwa akisema mapadri wawili wa Malindi. Wazazi wake yeye aliwaita papá na mamá. Katika sala Mumbua alisema Padre nuestro, lakini huyo ni Baba mmoja tu, wa mbinguni.

Basi akasoma hivi: Mapadri wakikosekana, atatia sahihi mzazi aliye mtu mzima. Bila sahihi hii mtoto hatapokewa.

Akaona ni jambo la busara. Misheni ni ya mapadri, lazima waulizwe kwanza.

Kadzo alikuwa ameketi kwenye benchi nje, Kache amelala mapajani pake. Mumbua alimweleza.

"Padri au mzazi," Kadzo alirudia. "Mimi je? Nitie dole gumba tumalize. Wino si huo hapo?"

"Wewe ni nyanya, mama. Wanataka mzazi."

"Gona yuko shambani, ni mdogo wake Katana. Kwetu ni baba wa mtoto huyu vilevile. Nimwite?"

"Hao ni wazungu, mama. Kwao baba ni yule mmoja aliyezaa. Tukikosea watamrudisha mtoto mlangoni."

Kadzo alimfunika mtoto kwa leso. "Haya," akasema. "Wewe ndiye unayejua kusoma."

*

Jumanne Mumbua alikwenda Malindi. Ofisini mwa parokia alimkuta Laban, katekista, akipanga mishumaa. Mapadri wote wawili walikuwa wameitwa mkutanoni Nairobi, wangerudi Jumatatu ijayo.

"Wewe una bahati ya nazi kuangukia mguu," alisema Laban. "Hebu hiyo karatasi." Aliinamia, akaitembeza kidole. "Padres, hao wako Nairobi. Pariente... si parent hiyo? Hata mimi niliyefukuzwa darasa la Kiingereza naiona."

"Ndivyo nilivyosoma."

"Basi mtafute baba mtu. Karatasi imeshakuelekeza."

Aliingia posta akaomba kupigiwa simu hospitalini Mombasa. Sauti ya mwanamume ikamwambia Sista yuko chumba cha upasuaji, hatoki mpaka jioni. Mumbua akaacha ujumbe kwamba wanamtafuta mzazi. Ujumbe huo haukumfikia mtu.

Katana alisemekana yuko Marafa, anafyatua matofali ya shule. Jumatano Mumbua alipanda gari la mizigo, akafika adhuhuri. Matofali aliyakuta, Katana hakumkuta.

"Umepishana naye kwa siku nne," alisema msimamizi, mzee mwenye kofia ya mkeka. "Amekwenda juu huko, wanachimba bwawa la ng'ombe. Unamdai, mwenzangu?"

"Mtoto wake anataka kupasuliwa."

Mzee alivua kofia. "Basi ungoje hapa. Trekta la maji linakwenda kesho alfajiri."

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Trekta lilizama mara mbili kwenye tope, wakalisukuma, Mumbua naye, viatu mkononi. Saa nane mchana wa Alhamisi, saa mbili baada ya wakati aliotakiwa kuwa Mombasa, alimwona Katana amesimama ndani ya shimo, tope mpaka kiunoni.

Alipoelezwa, Katana alipanda juu. Alinawa mikono katika debe, akaipangusa kwenye nyasi, akainawa tena. Kisha akauliza atie wapi. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, akihema kama mtu anayebeba gunia.

"Nije nawe?"

"Trekta halirudi mpaka kesho, na mimi ninatembea sasa hivi mpaka barabarani. Miguu yako inaweza?"

"Twende," alisema Katana.

Walitembea mpaka jua likazama, wakapata gari la mkaa. Asubuhi ya Ijumaa waliwachukua Kache na Kadzo. Katana alimbeba binti yake mabegani njia yote ya kwenda barabara kuu, na Kache, aliyezoea kuona visigino vya watu, alikuwa akihesabu paa za nyumba. Mumbua aliishika karatasi kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki. Walipovuka feri ya Kilifi aliitazama tena. Sahihi ilikuwepo. Alijisikia mwepesi.

*

Saa kumi jioni waliingia hospitalini. Kwenye ukumbi palikuwa na masanduku ya bati, wanaume wawili wakiyafunga kamba. Sista Asunción alitoka kwenye mlango wa mwisho, kofia ya upasuaji bado kichwani. Alimwona Mumbua, akasimama.

"Niliwangoja jana kutwa nzima," alisema kwa Kihispania. "Saa tisa walimpa kitanda mtoto mwingine. Mvulana mdogo wa Kwale. Wamempasua leo asubuhi."

"Tulikuwa tukimtafuta baba," alisema Mumbua. "Huyu hapa. Ametia sahihi." Akatoa karatasi kwenye plastiki, akaikunjua.

Sista aliitazama ile sahihi, halafu akamtazama Katana, tope lililokauka kwenye miguu yake, halafu Kadzo.

"Na nyanya alikuwa wapi?"

"Nyumbani. Na mtoto."

"Nyumbani." Sista aliweka kidole juu ya mstari. "Kwa nini hakutia sahihi yeye?"

"Wanasema mapadri, au mzazi."

Ilimchukua Sista muda kuelewa alichosikia. Alipoelewa, uso wake haukuwa na hasira, na Mumbua angependa uwe nayo. Alisema taratibu, kama anavyosema na mgonjwa.

"Los padres ni baba na mama, Mumbua. Si mapadri. Wazazi. Na pariente ni jamaa. Mtu yeyote wa ukoo. Shangazi, mjomba, nyanya. Imeandikwa: wazazi wasipokuwepo, atie sahihi jamaa yeyote aliye mtu mzima."

Mumbua alirudi kwenye mistari ile miwili. Maneno yalikuwa yale yale, hayakusogea. Yalikuwa wazi sasa, mepesi, mtoto wa shule angeyaelewa.

"Anasemaje?" aliuliza Kadzo.

Mumbua alifungua kinywa. Miaka minne kazi yake ilikuwa kuvusha maneno, na hili halikuvuka.

"Anasema tumechelewa, mama."

Sista alikwenda kuzungumza na madaktari. Walikuja wawili, wakamsikiliza Kache kifua, wakamchekesha kwa kumpa kile chombo ajisikilize mwenyewe. Lakini ndege yao ilikuwa kesho asubuhi, dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha, na mtu wa kumwangalia mtoto baada ya kupasuliwa asingekuwepo. Waliandika jina lake liwe la kwanza kwenye orodha ya mwaka ujao. Waliliandika kwa herufi kubwa.

Kache alifariki mwezi Juni. Ulikuwa ugonjwa wa kifua, wa kawaida, ambao watoto wengine wa Jilore waliuugua wakapona. Walimpeleka Malindi, akalazwa siku tatu, na moyo wake ukashindwa kuibeba homa.

*

Matangani, mbele ya watu, Kadzo alimwambia mwanawe aondoke.

"Mtoto wako alikuwa akihitaji mkono wako siku moja tu," alisema. "Siku moja. Wewe uko kwenye mashimo ya watu. Nenda huko huko."

Katana alichukua shati lake lililoanikwa uani, akaenda. Mumbua alikuwa amesimama karibu na sufuria za wapishi, mwiko mkononi. Alisikia kila neno. Aliendelea kukoroga.

Dorcas ndiye aliyemletea habari miezi iliyofuata. Katana alikuja na mahindi, mama yake akayaacha uani mpaka yakaliwa na kuku. Katana alimtuma Gona na leso, leso ikarudishwa. Katana sasa hali vizuri. Anachimba, anakunywa, anachimba. Sista, akimwona Mumbua amekaa mbele ya taipureta bila kuandika, alimwambia kwamba kosa si dhambi, na kwamba yeye mwenyewe alikosea, aliyemwachia mtu fomu bila kuisoma naye. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Mumbua aliyaelewa yote, kwa lugha zote tatu.

Lakini nyumba ile ilikuwa imevunjika kwa kosa ambalo Katana hakulifanya. Na ukimwacha Sista, mtu mmoja tu kati ya Jilore na Marafa ndiye aliyelijua.

Alikwenda mwezi wa Oktoba, mchana. Kadzo alikuwa akisuka makuti mapya ya paa, ameketi chini miguu imenyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umekonda."

Mumbua aliketi kwenye mchanga, si kwenye kiti alichoonyeshwa. Akasema. Hakuzunguka. Alisema karatasi ilitaka nini, na yeye alisoma nini, na maneno mawili yaliyomdanganya ni yapi. Alisema Katana asingehitajiwa hata kidogo. Alisema kamusi ilikuwa kabatini.

Mikono ya Kadzo iliendelea kusuka mpaka ukuti ule ukaisha. Akauweka kando.

"Lisome tena hilo neno."

"Pariente."

"Na maana yake ni jamaa."

"Ndiyo, mama."

"Jamaa yeyote."

"Yeyote aliye mtu mzima."

"Kwa hiyo mimi ningetosha."

"Ungetosha, mama. Tangu Jumatatu."

Kuku walipita kati yao. Upande wa pili wa ua mtu alikuwa akitwanga, kinu kikapiga, kikapiga, kikanyamaza.

"Nilikwambia nitie dole," alisema Kadzo. Hakulisema kwa kulaumu. Alilisema kama anayejihakikishia, kwamba kweli alilitamka siku ile, kwamba hakuliota.

"Uliniambia."

"Na mwanangu nimemfukuza kwenye matanga ya mtoto wake."

Mumbua aliinamisha kichwa. Alingoja apigwe, au atukanwe, au asamehewe. Lolote kati ya hayo angelibeba. Kadzo aliinuka kwa taabu, akishikilia nguzo, akajipangusa vipande vya makuti kwenye leso.

"Katana yuko wapi siku hizi?"

"Gongoni, mama. Kwenye mashamba ya chumvi."

"Wewe una miguu. Ulimtafuta wakati ule ukampata. Mtafute tena. Mwambie mama yake anamwita, na umweleze kama ulivyonieleza mimi, usipunguze."

"Nitamweleza."

"Akishafika hapa, wewe usije. Sikufukuzi. Ila nikikuona namwona mtoto kwenye benchi lile. Nitakuita siku nitakayoweza."

Mumbua alimpata Katana siku ya pili, miguu imechanika kwa chumvi, akamweleza yote. Katana alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: kama mama yake kweli alisema anamwita. Kisha akaondoka, hata mshahara wa wiki hakuungoja.

Walionekana pamoja kanisani Krismasi ile, mama na mwana. Mumbua aliwaona kutoka nyuma, akatoka kabla ya baraka ya mwisho ili wasipishane mlangoni. Aliendelea na kazi yake. Sista akisema naye, hata neno dogo, hata jina la tunda, alikuwa akiuliza, "Maana yake?" na Sista alimweleza bila kuchoka.

Miaka mitatu baadaye bado alikuwa akiacha mlango wa ofisi wazi mchana, upande unaotazama njia ya kwa Kadzo. Gona alipita mara nyingi akamsalimu. Hakuwahi kuwa na ujumbe.